SOMO: Chora mtaa wako kwa kichwa, halafu upime umepotoka wapi

Wakuu, kila mtu ana ramani ya mtaa wake kichwani na ndiyo anayotembelea kila siku, ila hiyo ramani siyo picha ya mtaa. Ni kitu ambacho ubongo umekijenga kutokana na njia unazopita, na ukikilaza pembeni ya ramani halisi utaona makosa yake yana mpangilio, hayatokei ovyo. Leo nakomaa na kosa moja tu, lile la kunyoosha njia panda ziwe za nyuzi 90, kwa sababu ndilo linalotuzungusha bure na kulipima ni rahisi. Unahitaji karatasi ya A4, penseli, rula na protrakta ile ya hesabu.

Hatua ya 1. Weka simu mbali, usiangalie ramani yoyote. Jipe dakika 10 uchore mtaa wako: nyumbani, barabara, njia panda na sehemu kama sita unazokwenda mara kwa mara. Kila kitu ukishakichora kipe namba kwa mpangilio ulivyokichora, 1, 2, 3. Hizo namba usizipuuze, vya mwanzoni ndiyo nguzo za ramani yako na vingine vyote umevipachika kwa kuvitegemea hivyo. Na usifute! Ukifuta unaanza kuchora ramani unayodhani inatakiwa iwe, sio uliyonayo.

Hatua ya 2. Ukishamaliza, fungua ramani ya simu, hakikisha kaskazini iko juu, piga skrinshoti ya eneo lako. Kwa umbali kwenye Google Maps bonyeza sehemu kwa sekunde kadhaa, kisha tafuta `Measure distance`.

Hatua ya 3 ndiyo yenyewe. Chukua protrakta upime pembe ya kila njia panda kwenye mchoro, halafu pima zile zile kwenye skrinshoti. Ziandike safu mbili, pembe ya mchoro na pembe halisi. Mara nyingi utakuta safu ya mchoro imejaa 90, 85, 95, wakati safu ya pili ina 60, 70, 110 na kadhalika.

Nieleze kwangu ilivyokuwa. Karibu na nyumbani kuna njia panda, barabara moja inaenda shule na nyingine inaenda zahanati, kila moja ni mita 400 kutoka hapo njia panda. Kwenye mchoro wangu zinaachana kwa nyuzi 90 safi kabisa kama kona ya meza. Kwenye ramani ni nyuzi 60. Unaweza kusema nyuzi 30 ni kitu gani bwana, sasa piga hesabu: kwa nyuzi 90 shule na zahanati zingekuwa mbali kwa mita kama 566 kwa mstari ulionyooka, ila kwa nyuzi 60 hizo pande tatu zinalingana, kwa hiyo ni mita 400 tu. Miaka yote nikitoka kumchukua mtoto shule nimpeleke zahanati nilikuwa narudi mpaka njia panda ndiyo nikate tena, mita 800, wakati nyuma ya shule kuna kichochoro nilichokuwa nakiona kila siku na sikuwahi hata kukiwazia, maana kichwani kwangu zahanati ilikuwa upande mwingine kabisa. Nikakipita nikapima, mita 430.

Kwa nini kichwa kinafanya hivi? Mwaka 1981 mwanasaikolojia Barbara Tversky alionyesha kwamba tukikumbuka ramani na sehemu, tunavisogeza vitu vikae kwenye mstari mmoja na kuvizungusha vikubaliane na mihimili iliyonyooka. Njia panda ya nyuzi 90 inashikika kirahisi, ya nyuzi 63 haina jina kichwani. Halafu barabarani huoni pembe, unachoona ni kwamba umekata kulia, na "kulia" ubongo unaiandika kama robo mduara.

Kosa hili linazaa lingine. Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji aliyewahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles kwa kitabu chake cha 1960, aliona Boston kuna barabara mbili, Boylston na Tremont, pale kwenye bustani kubwa ya Boston Common zinakutana kwa pembe mraba, ila mbele huko zinaonekana kama zinaenda sambamba, zote zinatokea kwenye Massachusetts Avenue. Ukiwa na pembe mraba kila mahali kichwani hicho kitu hakiwezekani, na watu walichanganyikiwa kweli kweli. Kwa hiyo kama mtaani kwako kuna barabara mbili unazoamini ziko sambamba lakini kila ukikatiza kati yake unatokea usipotegemea, anza kupima hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi kuchora sijui kabisa, huoni nitakuwa napima mkono wangu mbovu na sio kichwa?

Jibu: Hoja nzuri ndugu. Acha karatasi, simama mlangoni, fumba macho, nyoosha mkono kuelekea shule halafu soma dira ya simu ni nyuzi ngapi. Fanya hivyo kwa sehemu tano, kila moja mara tatu, kisha linganisha na mwelekeo kwenye ramani. Kama mara tatu zinakaribiana na bado ziko mbali na ramani, hicho ni kichwa. Kama zimetawanyika, basi huna picha thabiti ya hiyo sehemu. Kaa mbali na gari na geti la chuma, dira inapotoshwa.

Swali: Mimi na mama watoto tumechora, nyumba moja lakini utadhani mitaa miwili. Wake ni kama uzi mmoja una vituo, wangu una barabara zinazokatana. Nani kakosea?

Jibu: Hakuna aliyekosea kaka. Mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alichorisha wakazi wa Ciudad Guayana kule Venezuela, kazi yake ilitoka 1970, na walio wengi walichora hivyo hivyo kwa kufuata mfuatano wa njia. Uzi unatosha kukufikisha. Unachokosa ni njia ya mkato, maana mkato unahitaji kujua njia mbili zinakaribiana wapi. Mwulize anapita njia ngapi tofauti kwa wiki, nadhani jibu liko hapo.

Swali: Kwangu pembe ziko poa ila kuna sehemu ng'ambo ya reli nimeichora mbali sana, kumbe ni mita 250.

Jibu: Unavukia wapi dada? Kama unazunguka mpaka kwenye kivuko, kichwa kimeandika mzunguko, sio mstari. Na kona zinaongeza: kwenye majaribio yaliyotoka 1980 watu walitembea njia zilizowekwa alama sakafuni, urefu ule ule, na yenye kona nyingi waliiona ndefu zaidi. Hesabu kona zako.

Swali: Na kama ramani ya simu ndiyo imekosea?

Jibu: Kwa pembe za barabara kubwa iamini. Kwa vichochoro hapana, kile cha nyuma ya shule hakimo mpaka leo, kwa hiyo ukiona sehemu mbili ziko karibu na hakuna njia iliyochorwa, nenda kwa miguu ukaangalie.