Mambo ya kuzingatia kabla ya kukata mifuatano ya DNA: kuisoma ripoti yenye misalaba myekundu

FastQC, programu inayokagua ubora wa mifuatano ya DNA iliyotoka kwenye mashine, haijui sampuli yako imetoka wapi. Hupima kila faili kana kwamba ni jenomu ya kawaida iliyovunjwa bila mpangilio, na ikikuta tofauti huweka msalaba mwekundu. Mtu wa Kisumu anayefanyia kazi kimelea cha malaria, *Plasmodium falciparum*, kutoka matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi ya filta, ataiona misalaba hiyo hata siku ambayo maabara imefanya kila kitu sawasawa. Kwa hiyo maandalizi huanza kabla ya kuifungua ripoti. Andika kando ulichotarajia kukiona: mashine gani ilisoma, kila mfuatano una besi ngapi, adapta za seti gani ya vitendanishi zilitumika, yaani vipande vifupi vya DNA bandia vinavyounganishwa kwenye ncha za kila kipande, DNA ilivunjwa kwa njia gani, na jenomu unayoitafuta ina asilimia ngapi ya besi za G na C.

Kisha hakikisha faili limefika zima. Faili la gigabaiti kadhaa lililopakuliwa kwa intaneti ya kukatikakatika linaweza kuishia katikati bila onyo, na FastQC ikakwama au ukapata idadi isiyolingana kati ya R1 na R2, mafaili mawili ya mifuatano iliyosomwa kutoka ncha mbili za kila kipande.

```
md5sum -c md5.txt
gzip -t S14_R1.fastq.gz
zcat S14_R1.fastq.gz | head -4
```

Amri ya mwisho inakuonyesha mfuatano mmoja kwa mistari minne. Mstari wa nne ndio alama za ubora: kila besi ina herufi yake. Chukua namba ya ASCII ya herufi hiyo, toa 33, umepata alama. `F` ni 70, kwa hiyo 37. Mkato `,` ni 44, kwa hiyo 11. `#` ni 35, kwa hiyo 2, yaani mashine haikuweza kuisoma besi hiyo kwa uhakika wowote. Alama hiyo, Q, hutokana na uwezekano wa kosa, P:

```
Q = -10 * log10(P)
```

Q20 ni kosa moja katika besi 100, Q30 ni moja katika 1,000, na Q37 ni kama moja katika 5,000. Q11 ni karibu makosa 8 katika besi 100. Hapa kuna mtego ambao ningependa kila mwanafunzi aufahamu: wastani wa Q unadanganya. Mfuatano ambao nusu yake ni Q37 na nusu ni Q11 una wastani wa 24, namba inayoonekana kama kosa moja katika besi 250. Ukirudi kwenye uwezekano wenyewe, makosa ni kama 4 katika kila besi 100, mara kumi zaidi. Ndiyo maana ni bora kutazama mchoro wa `Per base sequence quality`, nafasi kwa nafasi, kuliko kushangilia wastani. Ubora kushuka kuelekea mwisho, hasa kwenye R2, ni jambo la kawaida.

Sasa tuchukue mfano, tuuite S14: jozi milioni 10, kila mfuatano besi 150, kutoka tone la damu. Ubora ni wa kijani. `Adapter Content` ni nyekundu, mstari wake unaanza kupanda karibu na besi ya 80 na kuvuka nusu ya mifuatano kabla ya mwisho. `Per base sequence content` ni nyekundu kwenye besi kumi na kitu za mwanzo tu. `Per sequence GC content` ina vilima viwili, kimoja karibu na asilimia 20, kingine kikubwa zaidi karibu na 41.

Besi za mwanzo ziache. DNA ikivunjwa kwa kimeng'enya, kimeng'enya huchagua mahali pa kukata, na upendeleo huo huonekana pale mfuatano unapoanza. Besi zenyewe ni sahihi. Kuzikata ni kutupa data nzuri.

Adapta ni habari nyingine. DNA ya karatasi mara nyingi huwa imekatikakatika. Kipande kikiwa na besi 110 na mashine ikisoma 150, besi 40 za mwisho si za kimelea wala za mgonjwa: ni adapta, inayoanza na `AGATCGGAAGAGC` kwa laibrari, yaani vipande vya DNA vilivyotayarishwa kusomwa na mashine, za aina ya TruSeq. Adapta nayo ikiisha, mashine zinazotumia rangi mbili, kama NextSeq na NovaSeq, hukosa mwanga na kuandika G, tena G nyingi mfululizo, mara nyingi zikiwa na alama nzuri. Usishangae basi kuona `GGGGGGGG` kwenye `Overrepresented sequences`. Hizi zote hukatwa kwa programu ya fastp:

```
fastp -i S14_R1.fastq.gz -I S14_R2.fastq.gz \
  -o S14_t1.fastq.gz -O S14_t2.fastq.gz \
  --detect_adapter_for_pe --trim_poly_g \
  --cut_right --cut_right_mean_quality 20 \
  --length_required 36 -h S14.html -j S14.json
```

Peleka R1 na R2 pamoja, kama hapo juu. Ukizikata mbalimbali, mfuatano mmoja utatupwa na mwenzake kubaki, na jozi zote zinazofuata zitahama. Wala usipandishe kiwango hadi Q30 ukidhani unasafisha zaidi. Utapoteza urefu unaohitajika kuweka mfuatano mahali pake kwenye jenomu yenye maeneo mengi ya A na T yanayojirudia.

Rudia FastQC, na adapta itakuwa ya kijani. Hapo ndipo wengi husimama, nami nawasihi wasisimame, kwa sababu vilima viwili bado vipo. Jenomu ya *P. falciparum* ina G na C kiasi cha asilimia 19 tu. Ya binadamu ni karibu 41. Kilima kikubwa ni damu ya mgonjwa. Hakuna ukataji utakaokiondoa. Linganisha mifuatano na jenomu zote mbili kwa pamoja, uhesabu kila upande, kisha ondoa ya binadamu kabla data haijatoka mikononi mwako: mgonjwa aliyetoa tone la damu ili malaria yake ichunguzwe hakutoa jenomu yake itangazwe.

Tuseme umepata asilimia 15 ya kimelea. Fanya hesabu kabla ya kuendelea. Kwa nadharia, jozi milioni 10 mara besi 300 ni bilioni 3, na kwa jenomu ya besi milioni 23 hiyo ni kina cha mara 130, yaani kila besi ya jenomu imesomwa wastani wa mara 130. Lakini vipande vina wastani wa besi 110, kwa hiyo R1 na R2 zinasoma kitu kilekile: besi halisi ni bilioni 1.1. Asilimia 15 yake ni milioni 165, yaani mara 7. Kama asilimia 40 ni nakala za mfuatano uleule, unabaki na mara 4 hivi. Kina hicho kinaweza kukuonyesha kwamba kimelea kipo, lakini hakitoshi kutangaza badiliko moja la besi kwenye jeni ya `kelch13`, inayohusishwa na usugu wa kimelea kwa dawa za artemisinin, hasa mgonjwa akiwa na vimelea vya aina zaidi ya moja.

Kuomba mashine isome tena laibrari ileile kutaongeza zaidi nakala na damu ya mgonjwa. Barua ya kwenda maabara iombe laibrari mpya kutoka tone jingine la mgonjwa huyohuyo, vipande vifupi vichujwe kwa shanga za sumaku, na DNA ya kimelea iongezwe kwa kuchagua kabla ya kutengeneza laibrari. Ambatisha mchoro wa vilima viwili na urefu wa vipande kutoka `S14.html`. Na kama swali lako ni `kelch13` peke yake, omba PCR ya jeni hiyo tu. Ukifanya hivyo, jua mapema kwamba `Sequence Duplication Levels` itakuwa nyekundu, kwa kuwa kila mfuatano utatoka sehemu ileile ya jenomu, na hapo usiondoe nakala.