Kuchekecha namba tasa chini ya 100, na kosa ambalo tatu hulificha

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Njia ninayoieleza hapa haikudai ugawanye chochote. Unakata zisizo tasa, na zinazobaki ndizo unazozitafuta. Inaitwa chekeche la Eratosthenes, Mgiriki aliyesimamia maktaba ya Aleksandria karne ya 3 kabla ya Kristo.

Hatua ya 1. Andika namba 1 hadi 100 kwenye jedwali la visanduku, kumi kwa kila mstari, ili 11 ikae chini ya 1, na 21 chini ya 11. Upangaji huo utakusaidia baadaye kukagua kazi yako. Tumia penseli, na kata kwa mstari mmoja mwembamba wa kuegama. Namba iliyokatwa lazima iendelee kusomeka, maana utaihesabu tena.

Hatua ya 2. Kata 1. Haihesabiwi kuwa tasa, na ukiiacha ikaongoza ukataji, vigawe vyake ni namba zote, kwa hiyo jedwali zima litakwisha.

Hatua ya 3. Zungushia 2 duara, kisha kata vigawe vyake vyote kuanzia 4. Hapa kazi ni nyepesi: safu nne zinazoanza na 4, 6, 8 na 10 zinakatwa moja kwa moja kutoka juu hadi chini, na ile ya 2 inakatwa kuanzia 12.

Hatua ya 4. Namba ya kwanza isiyokatwa baada ya 2 ni 3. Izungushie duara, kisha anza kukata kwenye 9, kwa sababu 6 imekwisha kukatwa na 2. Ruka tatu tatu: 9, 12, 15, 18. Ukitazama vizuri utaona zinashuka kwa mshazari kuelekea kushoto: 9, 18, 27, 36.

Hatua ya 5. Sasa 5, kuanzia 25. Naomba uende polepole hapa, maana nimekagua majedwali mengi na hapa ndipo yanapoharibika. Mtu anahesabu visanduku ambavyo havijakatwa tu, na kuviruka vile vilivyokatwa. Kwenye 3 kosa hilo halionekani. Kutoka 9, visivyokatwa ni 11, 13, 15. Cha tatu ni 15, ambacho kweli ni kigawe cha 3. Mtu anaamini amepata njia ya mkato. Lakini kwenye 5, kutoka 25, visivyokatwa ni 29, 31, 35, 37, 41. Cha tano ni 41, naye anaikata, ilhali 41 ni tasa. Kwa hiyo hesabu kila kisanduku, kiwe kimekatwa au la: 26, 27, 28, 29, 30. Jedwali lenyewe litakuonya pia: vigawe vya 5 huishia na 5 au 0, hivyo mkono ukitua nje ya safu hizo mbili, rudi nyuma.

Hatua ya 6. Zungushia 7 na uanze kwenye 49. Kwa nini 49? Kwa sababu 14, 21, 28, 35 na 42 ni 7 mara 2, 3, 4, 5 na 6, na zote zimekwisha kukatwa na namba ndogo kuliko 7. Ruka saba saba: 49, 56, 63, 70, 77, 84, 91, 98. Mpya humo ni tatu tu: 49, 77 na 91. Ndiyo maana 91 huponyoka kwa urahisi. Haiishii na 5, jumla ya tarakimu zake haigawanyiki kwa 3, inaonekana tasa kabisa, kumbe ni 7 × 13.

Hatua ya 7. Simama. Namba inayofuata ni 11, na 11 × 11 ni 121, nje ya jedwali. Namba isiyo tasa iliyo chini ya 100 haiwezi kuwa zao la namba mbili ambazo zote ni 11 au zaidi. Lazima mojawapo iwe ndogo, na ndogo zote zimeshapita. Zungushia zote zilizobaki.

Sasa hesabu. Namba 2 ilikata 49, 3 ikaongeza 16 mpya, 5 ikaongeza 6, na 7 ikaongeza 3. Hizo ni 74, na pamoja na 1 ni 75. Zinapaswa kubaki 25:

2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97.

Ukipata 26 au zaidi, anza kukagua 51, 57, 87 na 91. Ukipata pungufu, umekata tasa mahali fulani: rudia kuruka kwa 5 na 7, kisanduku kwa kisanduku.