Pikipiki ya mkopo: piga hesabu kabla hujatoa kianzio

Muuzaji atakutajia kianzio na rejesho la mwezi, basi. Hizo mbili peke yake hazikuambii pikipiki itakugharimu kiasi gani.

Hatua ya 1: Uliza riba inatozwa juu ya nini. Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Tuseme bei ya taslimu ni 100,000, kianzio 20,000, na 80,000 unazikopa kwa miezi 20. Muuzaji wa kwanza anataka riba ya 2% kwa mwezi, lakini anaitoza juu ya mkopo wote hadi mwisho, hata ukiwa umeshalipa nusu. Riba ni 1,600 kila mwezi, jumla 32,000, na rejesho ni 5,600. Wa pili anataka 3%, ila juu ya deni lililobaki tu. Rejesho lake ni kama 5,377, na riba yote haifiki 28,000. Mwenye 3% ndiye nafuu.

Hatua ya 2: Tafuta jumla. Zidisha rejesho kwa idadi ya miezi, ongeza kianzio, kisha usajili, bima, ada ya mkopo na kifaa cha kufuatilia pikipiki. Kwa muuzaji wa kwanza ni 132,000 kabla ya ada hizo. Uliza pia kama ada zinalipwa taslimu au zinaingizwa kwenye mkopo, maana zikiingizwa nazo zinazaa riba.

Hatua ya 3: Geuza rejesho liwe la siku. Usigawe kwa 30. Toa siku za mapumziko, za gereji na za mvua. Ukibaki na siku 22, 5,600 ni kama 255 kwa siku, mbali na mafuta, oili na chakula. Kama makubaliano ni kulipa kila siku, uliza kama Jumapili nayo inahesabiwa.

Hatua ya 4: Soma kifungu cha kunyang'anywa. Mara nyingi kadi ya pikipiki hubaki kwa mkopeshaji hadi umalize deni, kwa hiyo kuwa nayo barabarani si kuimiliki. Tuseme umekwama baada ya marejesho 14. Umeshatoa 98,400 pamoja na kianzio, na mkataba unadai 33,600. Pikipiki inakamatwa, inauzwa 40,000, halafu gharama za kukamata na kuhifadhi zinakata 8,000. Zinabaki 32,000: pikipiki imekwenda na bado unadaiwa 1,600.

Kabla ya kusaini, mkataba uonyeshe kwa maandishi: unaruhusiwa kuchelewa siku ngapi, utapewa notisi gani, faini ni kiasi gani, na ikiuzwa kwa zaidi ya deni ziada ni ya nani. Uliza pia ukimaliza mapema unasamehewa riba ya miezi iliyobaki au la. Wengi wanaotoza riba juu ya mkopo wote hawasamehi.

Ukiona mwezi unaelekea kukushinda, nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, omba marejesho yapangwe upya, na mabadiliko yaandikwe. Ahadi ya simu haimzuii mkamataji.