Kukatia bima dhahabu yako: usimpelekee wakala bei ya sonara

Mama mmoja wa Mombasa alikuja kukatia bima bangili zake 6 za harusi. Mkononi alikuwa na kikaratasi cha sonara: uzito, karati, na chini kabisa bei, yenye sahihi na muhuri. Kwa macho ilikuwa hati safi. Kasoro ni kwamba sonara yule alikuwa ameulizwa, "Ukinunua hizi leo utanipa ngapi?" Akajibu alichoulizwa. Bei ile haikufaa hata kidogo kwa fomu ya bima, na ingemtia hasara siku bangili zingepotea.

Kabla ya kugusa fomu yoyote, elewa kwamba kipande kimoja cha dhahabu kina thamani zaidi ya moja, na zote ni za kweli. Ipo bei ya kuuza, yaani fedha utakazoshika ukikipeleka kwa sonara akiyeyushe au akiuze tena. Ipo thamani ya kununua upya, ambayo ni fedha utakazotoa dukani ili upate kingine kama hicho, kipya, cha uzito na ufundi uleule. Bima ya vito mara nyingi hujengwa juu ya hii ya pili. Ukigawa mirathi, au mkitaka kujua kila mrithi apate nini, mnatumia ya kwanza, kwa kuwa hakuna mrithi atakayeuza bangili kwa bei ya dukani. Nimeona ndugu wakigombana juu ya mkufu kwa sababu mmoja alishika karatasi ya bima na mwingine bei ya sokoni.

Hesabu ya bangili 6

Tuchukue bangili hizo zina gramu 60 kwa jumla, karati 22, zimegongwa 916. Namba hiyo maana yake ni kwamba katika kila sehemu 1,000, sehemu 916 ni dhahabu safi. Kwa hiyo dhahabu safi iliyomo ni gramu 54.96. Kwa urahisi wa hesabu, tuseme siku hiyo gramu ya dhahabu safi ni shilingi 15,000 za Kenya. Dhahabu yenyewe ina thamani ya shilingi 824,400.

Sonara anayenunua hakulipi yote. Atakata chake kwa ajili ya kuyeyusha, kusafisha na faida. Akikata asilimia 5, utapata takriban 783,000. Ujira wa ufundi uliolipa ulipozinunua haurudi. Unaishia motoni pamoja na nakshi.

Sasa geuza upande. Ukienda dukani kununua bangili kama hizo, utalipa dhahabu 824,400, halafu ujira wa ufundi. Kwa mfano huu tuuweke asilimia 15, ingawa bangili laini hupungua hapo na kazi ya nyuzinyuzi hupanda sana. Tumefika 948,060. Juu yake weka kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kenya ni asilimia 16. Jumla inakaribia 1,100,000. Kati ya bei mbili za bangili zilezile kuna pengo la zaidi ya shilingi 300,000, na hakuna aliyedanganya.

Yule mama angeandika 783,000 kwenye fomu, angekuwa amekatia bima asilimia 71 tu ya thamani. Hati nyingi za bima zina kanuni kwamba ukikatia pungufu, unahesabiwa kuwa umebeba sehemu iliyobaki mwenyewe, na hasara mnagawana. Bangili 2 zikiibwa, kuzinunua upya ni kama 366,000. Kampuni ingelipa karibu 261,000 na kumwachia yeye lililobaki. Wengi hudhani kwamba maadamu hasara ni ndogo kuliko kiasi kilichoandikwa, watalipwa yote. Kanuni hii ndiyo huwashangaza. Muulize wakala, kabla ya kutia sahihi, kama inatumika kwa vito vilivyoorodheshwa kimojakimoja, maana hati hutofautiana.

Kumtafuta mthamini

Hatua ya kwanza ya maombi ni ripoti ya uthamini. Ukifika kwa mthamini, mwambie wazi: nataka thamani ya kununua upya kwa ajili ya bima. Hakikisha maneno hayo yameandikwa kwenye ripoti. Ripoti isiyotaja lengo lake ni namba tu.

Muulize pia analipwaje. Anayelipwa ada moja, kipande kiwe ghali au rahisi, hana sababu ya kuvimbisha. Anayechukua asilimia ya thamani anayo. Na sonara anayekutathminia huku akikuambia "ukiuza niletee mimi" ana sababu ya kushusha. Duka lililokuuzia nalo hupenda kukupa karatasi yenye bei kubwa, ili uone ulinunua kwa bei ya sadaka. Ndiyo maana mtu hupeleka mkufu mmoja sehemu tatu na kurudi na bei tatu: kila mthamini alijibu swali lake.

Kuna tofauti za kitaalamu pia, na hizi unaweza kuzishuhudia kwa macho. Kwanza ni uzito. Kidani chenye mawe kikipimwa chote, mawe yanahesabiwa kama dhahabu. Baadhi ya vidani vya Kihindi hujazwa nta au lakiri ndani, na shanga za dhahabu zikawa ganda tu. Taka uzito halisi wa dhahabu, si wa kipande kizima. Pili ni kipimo cha karati. Mashine ya mionzi ya eksirei haikwaruzi kitu na hutoa jibu kwa sekunde chache, lakini husoma ngozi ya juu tu. Kipande kilichopakwa dhahabu nzito juu ya madini mengine kinaweza kuidanganya. Mthamini makini husugua kwenye jiwe la kupimia na kutia tindikali, au huilinganisha mashine na uzito wa kipande majini. Hupima pia sehemu za viungo, kwa sababu lehemu mara nyingi ina karati ya chini kuliko bangili yenyewe. Muhuri wa 916 ni dai la aliyetengeneza, si kipimo.

Ripoti ya kufaa ina tarehe, maelezo ya kila kipande peke yake, uzito halisi, karati na jinsi ilivyopimwa, bei ya gramu iliyotumika siku hiyo, ujira wa ufundi ukiwa mstari wake, na kodi mstari wake. Picha ziwe na rula pembeni. Ukiona namba moja kubwa bila mchanganuo, irudishe.

Fomu yenyewe

Kenya, njia ya kawaida ni bima ya nyumba, ile inayokusanya jengo, vitu vya ndani na vitu vya kubeba chini ya hati moja. Hapa watu hukosea mahali pa kuandika. Wakiingiza dhahabu ndani ya jumla ya vitu vya nyumbani, hukuta baadaye kwamba hati ina kikomo cha kitu kimoja, na kikomo kingine cha dhahabu na vito vyote kwa pamoja. Tena sehemu hiyo kwa kawaida hulinda vitu vikiwa nyumbani, na wizi mara nyingi lazima uwe wa kuvunja. Bangili ikikuponyoka mkononi harusini, sehemu ile haikusaidii.

Waambie unataka sehemu ya vitu vya kubeba, inayolinda dhidi ya hatari zote isipokuwa zilizotajwa, na uorodheshe kila kipande kwa jina na thamani yake. "Vito mbalimbali, 1,100,000" ni mwaliko wa ugomvi. Andika: bangili 6, karati 22, gramu 60, kwa mujibu wa ripoti ya tarehe fulani. Ambatisha ripoti, picha, stakabadhi za dukani kama unazo, nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA.

Kuna maswali utakayoulizwa: una sefu, nani anaishi nawe, umewahi kupata hasara au kukataliwa bima? Jibu kweli yote, hata wizi mdogo wa miaka iliyopita uliosahau. Jambo lililofichwa kwenye fomu ndilo kampuni hulishika kwanza madai yakija.

Kisha uliza mambo matatu na upate majibu kwa maandishi. Kinga inafika wapi: Kenya tu, Afrika Mashariki, au hata ukisafiri Dubai kwa harusi? Seti ikipungukiwa hereni moja, wanalipa hereni ile peke yake au jozi? Hati nyingi hulipa iliyopotea tu, na hereni moja iliyobaki ni yako kufanya nayo utakavyo. La tatu ndilo kubwa: wakilipa, wanalipaje?

Hapo ndipo ripoti iliyovimbishwa hupoteza maana. Kiasi kilichoandikwa ni dari, si ahadi. Kampuni kwa kawaida ina haki ya kuchagua kutengeneza, kukununulia kingine, au kukupa fedha taslimu. Ikiwa ina sonara wake anayeipunguzia bei, na wewe ukataka taslimu, inaweza kukupa kile ambacho ingelipa yenyewe. Mwenye ripoti ya 1,600,000 kwa bangili za 1,100,000 hatalipwa 1,600,000. Ada ya bima ikiwa asilimia 2 ya kiasi kilichoandikwa, atatoa 32,000 kila mwaka badala ya 22,000, na ile 10,000 ya ziada hainunui chochote. Isipokuwa hati ieleze kwamba thamani imekubaliwa mapema na pande zote mbili, na hiyo huandikwa waziwazi, wala huwezi kuichukulia tu kuwa ipo.

Kila mwaka

Dhahabu haikai mahali. Agosti 2020 wakia moja, yaani gramu 31.1, ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza. Oktoba 2025 ilivuka 4,000. Aliyekata bima mwaka 2020 na kuendelea kulipa bila kugusa namba, leo amekatia pengine nusu tu, na ile kanuni ya kugawana hasara inamsubiri. Si lazima umlipe mthamini upya kila mwaka. Kama ripoti yako ina mchanganuo, mwambie wakala atumie uzito na karati zilezile kwa bei mpya ya gramu, na mwulize kampuni inakubali hesabu hiyo kwa miaka mingapi kabla ya kutaka ripoti mpya.

Ikitokea hasara, ripoti polisi upate namba ya OB na abstrakti, kisha ijulishe kampuni kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa kwenye hati. Ukiona umeonewa, malalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya kudhibiti bima, IRA. Nakala ya ripoti na picha usiziweke kwenye sefu pamoja na dhahabu. Yule mama zake ziko kwa dada yake Malindi.