Jinsi ya kuandika slaidi za nafasi za masomo ambazo mzazi atazielewa hata akipata moja tu

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wanaoshika kurasa za vyuo na shule. Mfano wangu ni chuo binafsi cha afya Tanzania Bara kinachotangaza Stashahada ya Utabibu, kwa sababu hapo ndipo wazazi wanapochanganyikiwa zaidi.

Karuseli unaipandisha Instagram ikiwa imepangwa vizuri, ya kwanza hadi ya saba. Lakini mzazi wa Mvomero au Ifakara mara nyingi haioni huko. Anaipata WhatsApp, kwenye kundi la kanisa, la msikiti au la ukoo, na mara nyingi mtu amemrushia picha mbili tu kati ya saba. Niliwahi kuweka tarehe ya mwisho kwenye slaidi ya saba peke yake. Mama mmoja alitumiwa slaidi ya sifa, akauza mpunga, akamleta binti yake chuoni siku tatu baada ya dirisha kufungwa. Tangu siku hiyo kila slaidi yangu inabeba mkanda chini: jina la chuo na mji, namba ya usajili, tarehe ya mwisho na namba ya simu. Anza na huo mkanda kabla hujaandika kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: Kusanya ukweli kwa maandishi

Usiandike kwa kusikia. Mwombe msajili sifa za kujiunga kama zilivyo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET cha mwaka huo, mwombe mhasibu jedwali la ada, kisha wote wawili waweke sahihi kwenye karatasi moja. Tangazo la mwaka jana lisiwe chanzo chako, hata kama mkuu wa chuo anasema hakuna kilichobadilika.

Hatua ya 2: Slaidi ya kwanza imtaje mtoto

Wengi huanza na picha ya jengo na maneno “Nafasi za masomo zimetangazwa”. Mzazi hajui kama yanamhusu. Mimi naandika hivi:

“Mwanao amemaliza kidato cha nne na amefaulu Biolojia, Kemia, Fizikia na somo jingine moja lisilo la dini? Anaweza kusoma Utabibu, miaka 3, Morogoro. Mwisho wa kuomba: Ijumaa, 11 Septemba 2026.”

Picha zote ziwe 1080 kwa 1350. Instagram hufuata umbo la picha ya kwanza, kwa hiyo ukichanganya vipimo, za nyuma zitakatwa, na kinachokatwa mara nyingi ni ule mkanda wa chini.

Hatua ya 3: Sifa, na hapa usiwe na haraka

Kitabu kinasema mwombaji wa Utabibu awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia, na Fizikia au Sayansi ya Uhandisi. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini ukiinakili hivyo hivyo mzazi atabaki na “D nne” kichwani, kisha aanze kuhesabu D zozote anazoziona kwenye matokeo.

Ivunje hivi:

“Lazima awe na angalau D katika: Biolojia, Kemia, na Fizikia (au Sayansi ya Uhandisi). Aongeze somo moja lolote lenye angalau D, isipokuwa masomo ya dini.”

Halafu slaidi inayofuata weka matokeo ya watoto wawili wa mfano, bila majina. Wa kwanza: Biolojia D, Kemia D, Fizikia D, Kiswahili C. Andika kwa kijani: ANAFAA. Wa pili: Kiswahili B, Historia C, Uraia C, Biolojia C, Kemia D, Fizikia F. Andika kwa nyekundu: HAFAI KOZI HII, kwa sababu ya Fizikia. Huyu wa pili ndiye muhimu. Matokeo yake kwa macho ni mazuri kuliko ya mwenzake, na mzazi wake ndiye angelipa pesa ya fomu akitegemea nafasi. Mwambie mapema, na chini yake mwandikie: “Piga simu tukueleze kozi nyingine anazoweza kusoma.”

Hisabati na Kiingereza vimetajwa kama nyongeza inayosaidia. Usiviweke kwenye orodha ya lazima, maana utawafukuza watoto wenye sifa.

Taja pia atakuwa nani akihitimu: Tabibu. Neno “udaktari” liache, hata kama linavutia watu.

Hatua ya 4: Fedha za siku ya kuripoti

Ada ya mwaka peke yake haimsaidii mzazi kupanga. Anachotaka kujua ni aje na shilingi ngapi siku ya kwanza. Tuseme ada ni 1,600,000 kwa awamu nne. Slaidi isomeke: awamu ya kwanza 400,000, hosteli 150,000, sare 85,000, kitambulisho 10,000, jumla siku ya kuripoti 645,000. Chini yake ziandikwe tarehe za awamu tatu zilizobaki.

Kwenye malipo, andika jina la akaunti litakalotokea kwenye simu kabla hajabonyeza kuthibitisha. Matapeli huchukua slaidi za vyuo, wakabadilisha namba tu. Ongeza: “Jina likiwa tofauti na hili, usilipe.”

Hatua ya 5: Tarehe

“Mwisho tarehe 11” ni mwisho wa nini? Kuna kurudisha fomu, kuna kulipa awamu ya kwanza, kuna kuripoti. Zote tatu ziandikwe, kila moja na siku ya wiki, mwezi kwa jina na mwaka. Ule mkanda wa chini ubebe tarehe ya kurudisha fomu tu.

Epuka “saa 6 usiku”. Mmoja ataelewa usiku wa kuamkia tarehe 11, mwingine usiku wa kuamkia tarehe 12. Andika “Ijumaa saa 10 alasiri”, ofisi ikiwa bado wazi na kuna mtu wa kupokea simu.

Hatua ya 6: Nyaraka na namna ya kuomba

Hizi ni fupi. Namba ya mtihani wa kidato cha nne pamoja na mwaka, nakala ya cheti au hati ya matokeo, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti. Kiungo cha fomu hakibonyezeki kwenye maelezo ya chini ya picha Instagram, kwa hiyo kiweke kwenye wasifu wa ukurasa, na kwenye slaidi andika anwani fupi ambayo mtu anaweza kuichapa mwenyewe.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kupandisha

Jitumie slaidi zote WhatsApp, uzifungue kwenye simu ya bei ndogo, nje, juani. Herufi zikiwa chini ya ukubwa wa 40 kwenye picha ya vipimo nilivyotaja, hazitasomeka. Kisha mpe mlinzi au mama wa mgahawa slaidi moja tu, ya katikati, umuulize: ni chuo gani, mwisho lini, nipige wapi? Akikwama swali moja, rudi mezani.

Kosa likishatoka, Instagram haikuruhusu kubadilisha picha ndani ya karuseli iliyokwisha kupanda. Unaweza kuifuta ile yenye kosa, au kupandisha upya zote. Zilizokwisha kusambaa kwenye makundi huzipati tena. Kwa hiyo toleo jipya liandikwe juu, kwa rangi tofauti: “TANGAZO JIPYA, 2 Septemba 2026. Linafuta la awali.” Maneno hayo yawe kwenye slaidi zote saba.