Somo: Kujenga orodha ya barua pepe kwa ridhaa, na kuzuia ujumbe usiishie kwenye spamu

Wakuu, dada mmoja mwenye duka la viungo aliniletea tatizo: tangazo lake la kwanza liliangukia kwenye spamu karibu kwa kila mtu. Alikuwa na anwani 412, na nyingi alizinakili kutoka daftari la oda. Wawili tu walibonyeza "Ripoti spamu". Wawili kwa 412 ni karibu asilimia 0.49, na Google inataka malalamiko yasifike asilimia 0.3. Kwa hiyo kwenye orodha ndogo, mtu mmoja mwenye hasira ana uzito mkubwa. Tulianza upya hivi.

Hatua ya 1: Omba ruhusa, kisha ithibitishe. Fomu yake sasa inasema wazi: "Nitumie bei mpya na ofa, mara mbili kwa mwezi." Kisanduku cha kukubali kiko tupu, mteja anakitiki mwenyewe. Akishajiandikisha anapokea ujumbe mmoja wenye kiungo cha kuthibitisha, na asipokibonyeza haingii kwenye orodha. Utapoteza baadhi, ndiyo. Ila wanaopotea ni pamoja na walioandika "gmial.com" na waliojaziwa anwani na mtu mwingine, yaani hasa wale wanaokuharibia jina. Hifadhi tarehe, saa na maneno ya fomu aliyoyakubali. Siku mtu akiuliza "nani kakupa anwani yangu?", unamjibu kwa ushahidi.

Hatua ya 2: Tuma kwa kikoa chako, yaani jina lako mwenyewe la mtandaoni kama duka.example. Alikuwa anatuma kupitia huduma ya barua za pamoja huku mtumaji akisomeka @gmail.com. Hapo seva inayopokea inaona barua inayodai kutoka Gmail lakini haikupitia Gmail, na ina haki ya kuishuku. Nunua kikoa, kisha weka rekodi hizi kwenye DNS, yaani mipangilio ya kikoa kule ulikokinunua (badilisha majina):

```
duka.example         TXT  "v=spf1 include:_spf.google.com include:spf.huduma.example ~all"
_dmarc.duka.example  TXT  "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@duka.example"
```

SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayobandikwa kwenye kila barua. Rekodi yake utapewa na huduma unayotumia, wewe unainakili tu. DMARC inaangalia kama kikoa kilichopita kwenye mojawapo ya hizo mbili kinalingana na kile anachokiona msomaji kwenye jina la mtumaji.

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kukwama siku nzima. Niliongeza huduma mpya kwa kuandika rekodi ya pili ya SPF. Kikoa kimoja kinabeba rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, ukaguzi wote unafeli. Ziunganishe kwenye mstari mmoja kama hapo juu.

Kisha jitumie barua kwenye Gmail, ifungue kwa kompyuta, bonyeza nukta tatu na uchague "Show original". Juu kabisa unataka kuona PASS mara tatu: SPF, DKIM, DMARC.

Hatua ya 3: Mlango wa kutokea uwe wazi. Weka kiungo cha kujiondoa kinachofanya kazi bila kudai nywila. Tangu 2024, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail analazimika kuweka kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Wewe mdogo hulazimiki, lakini weka tu. Asiyeona pa kutokea atabonyeza spamu.

MASWALI

*Swali: Wateja walinipa anwani wenyewe ili niwatumie risiti. Hiyo si ruhusa tayari?*

Ni ruhusa ya risiti, mkuu. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote zinafunga taarifa za mtu kwenye lengo alilozitolea. Tumia risiti yenyewe: chini yake weka mstari mmoja, "Ukitaka ofa zetu, jiandikishe hapa."

*Swali: Mimi natuma kwa BCC kutoka Gmail ya kawaida. Kuna ubaya?*

Kikomo ni barua 500 kwa siku, na hakuna anayeweza kujiondoa bila kukuandikia. Halafu siku ukikosea ukaziweka kwenye CC, umeanika anwani za wateja wako wote kwa wenzao.

*Swali: Zote tatu zinaonyesha PASS na bado naingia spamu. Kwa nini, mwalimu?*

PASS inathibitisha wewe ni nani, haisemi kama unatakiwa. Futa mara moja anwani zinazorudisha "haipo". Kisha tafuta wasiobonyeza chochote kwa miezi sita, waulize mara moja kama bado wanataka, na wasiojibu watoe. Usitegemee idadi ya "waliofungua": huhesabiwa kwa picha ndogo iliyofichwa ndani ya barua, na tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuipakua picha hiyo yenyewe, hata kama mtu hajaisoma barua. Yule dada alibaki na 138.