Yat-hurna na tatahharna: jinsi ya kusoma wazani za vitenzi kwenye Baqara 222

Haya, wale wa darasa la watu wazima hapa Arua mmeniuliza sana hii aya, na wengine wa Kampala na Bombo nao wanauliza kwenye wasap, basi naiandika mara moja ili kila mtu asome kwa wakati wake. Aya ni ya 222 ya suratul Baqara, inaongelea hedhi, na sehemu tunayoitaka ni hii: wala taqrabuuhunna hattaa yat-hurna, fa-idhaa tatahharna fa'tuuhunna min haythu amarakumullaah. Halafu inafunga: innallaaha yuhibbut-tawwaabiina wa yuhibbul-mutatahhiriin.

Ukisikiliza tu haraka haraka utadhani neno ni lile lile limerudiwa. Siyo. Ni mzizi mmoja lakini wazani mbili, yaani maumbo mawili ya kitenzi, na hiyo tofauti ndiyo inayoamua mume anaruhusiwa kumrudia mkewe lini, damu ikikatika tu au mpaka aoge. Chukua daftari, na msahafu wenye irabu.

Hatua ya 1: toa mzizi, jenga ngazi

Mzizi ni twaa, haa (ile nyepesi ya hewa, siyo ya koo), raa. Andika ngazi ya vitenzi vitatu, na pembeni weka Kiswahili, maana Kiswahili chetu kinafanya kazi hiyo hiyo kwa viambishi:

tahura, takata. Wazani ya 1, kitenzi kitupu bila nyongeza.
tahhara, takasa. Wazani ya 2, herufi ya kati imewekewa shada.
tatahhara, jitakasa. Wazani ya 5, ni ile ya 2 ukiongeza ta mbele.

Angalia vizuri nani anafanya nini. Kwenye takata hakuna mtendaji, hali imebadilika tu. Kwenye takasa yupo anayemtakasa mwingine, kama Anfal 11 pale maji yanateremshwa liyutahhirakum bihi, ili awatakase kwayo. Kwenye jitakasa mtendaji na mtendwa ni mtu mmoja.

Hapa kuna kitu kinachowachanganya wengi, wamefundishwa kwamba shada ya wazani ya 2 maana yake ni kukazia, basi wakiona tahhara wanasema "takata sanaaa". Hapana. Uliza kwanza kitenzi kitupu kina mtendwa au hakina. Kama kinaye, mara nyingi shada inaleta wingi au nguvu: kasara ni kuvunja, kassara ni kuvunjavunja vipande. Ndiyo ile ya Yusuf 23, ghallaqatil-abwaab, yule mama hakufunga mlango mmoja, alifunga milango yote na akaikaza. Lakini kama kitenzi kitupu hakina mtendwa, kama tahura, shada inakuwa ya kufanyiza, inampa kitenzi mtendwa ambaye hakuwepo. Siyo kanuni ya chuma, kwa mfano alima ni kujua kitu na ina mtendwa tayari ila allama ni kufundisha, bado ya kufanyiza, lakini kwa kuanzia itakufikisha mbali.

Hatua ya 2: tambua wazani kwa macho kabla ya kufikiria maana

Rudi kwenye aya. Neno la kwanza, yat-hurna: twaa ina sukuni, haa ina dhamma, hakuna shada popote. Hiyo ni wazani ya 1, wakati uliopo, na ile na ya mwisho ni nun ya wanawake. (Wale wanaotafuta alama ya nasbu kwa sababu ya hattaa, msihangaike, nun ya wanawake haidondoki wala haibadiliki.) Neno la pili, tatahharna: kuna ta ya ziada mbele na haa ina shada. Wazani ya 5, wakati uliopita, ila kwa sababu imetanguliwa na fa-idhaa tunaielewa kama "watakapo".

Kama huna uhakika fungua corpus.quran.com kwenye simu, tafuta 2:222, bonyeza neno, itakuonyesha mzizi na namba ya wazani kwa Kirumi, utaona V kwenye tatahharna. Usianze nayo lakini, jibu kwanza mwenyewe ndiyo uhakikishe, la sivyo jicho halitazoea.

Sasa tafsiri ya kwanza inatoka hivi: msiwakaribie mpaka watakate, na wakishajitakasa basi waendeeni. Kutakata hapa ni damu kukatika, jambo linalokuja lenyewe, mwanamke halifanyi. Kujitakasa ni jambo analifanya mwenyewe, yaani kuoga. Ukikuta tafsiri imeandika "watahirike" sehemu zote mbili ujue tofauti imeshamezwa na msomaji hawezi kuiona tena.

Hatua ya 3: cheki visomo vingine

Hapa ndiyo panakuwa patamu. Visomo ni njia za kuisoma Qurani zilizopokelewa kutoka kwa wasomaji mashuhuri. Misahafu yetu mingi hapa Uganda ni ya kisomo alichopokea Hafs kutoka kwa msomaji Asim, na hata ukifungua wa kisomo cha Adduri ambao utaukuta kwa ndugu zetu wenye asili ya Sudani huku West Nile, utakuta yat-hurna vile vile. Lakini Hamza, Kisai, na Shu'ba ambaye naye anapokea kutoka kwa Asim huyo huyo, wamesoma yattahharna, shada mbili, moja kwenye twaa moja kwenye haa. Herufi zilizoandikwa ni zile zile, kilichobadilika ni irabu na shada.

Hiyo yattahharna ni wazani gani? Watu wanakimbilia kusema ni mpya. Asili yake ni yatatahharna, wazani ya 5, ta imepoteza irabu ikaingia ndani ya twaa kwa sababu zinatoka sehemu moja mdomoni. Kwa hiyo ukiona shada mbili zimefuatana namna hiyo, irudishe ta iliyofichwa halafu ndiyo useme wazani. Maida 6 ipo hivyo, wa in kuntum junuban fattahharuu, na pale kila mtu anakubali ni kuoga janaba.

Kwa kisomo hiki cha pili aya inasema: msiwakaribie mpaka wajitakase, na wakishajitakasa waendeeni. Mlango umefungwa kwa kuoga na unafunguliwa kwa kuoga, hakuna nafasi katikati.

Hatua ya 4: fuatilia wazani mpaka kwenye hukumu

Wengi wetu huku ni Mashafi'i, na msimamo wa Shafi'i, Malik na Ahmad ni kwamba haruhusiwi mpaka damu ikatike na aoge, au atayamamu kama hana maji. Wakiulizwa, mbona kisomo cha Hafs kinasema "mpaka watakate" tu, si katazo limeisha pale? wanajibu kwamba ruhusa haijatoka bado, imefungwa kwenye sharti la pili, fa-idhaa tatahharna. Wanaonyesha mfano wa Nisaa 6 kuhusu mayatima: wajaribuni mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha mkiona wana busara, wapeni mali zao. Kufikia umri peke yake hakutoshi, lazima na busara ionekane. Muundo ni huo huo, "mpaka" ya kwanza halafu "iki" ya pili.

Abu Hanifa amekwenda njia nyingine. Kwake hedhi haizidi siku 10. Damu ikikatika baada ya siku 10 kamili, anaruhusiwa hata kabla ya kuoga, na hapo wanashika yat-hurna. Ikikatika kabla ya 10, lazima aoge au upite wakati wa swala moja, na hapo wanashika yattahharna. Yaani kila kisomo wamekipa hali yake.

Sasa utauliza, na wewe mwanafunzi mzuri lazima uulize, je hii tatahharna ya katikati wanaifanyaje, maana hiyo wote wanaisoma kwa wazani ya 5? Wahanafi wana jibu la kisarufi kabisa, wanasema wazani ya 5 si lazima mtendaji awe amekusudia. Waarabu wanasema takassara kwa chungu kilichovunjikavunjika na taqatta'a kwa kamba iliyokatikakatika, na chungu hakijajivunja wala kamba haijajikata. Kwa hiyo tatahharna inaweza kubeba maana ya "wamekuwa safi".

Mimi naona hoja ni halali ila ni dhaifu hapa, na nitakuambia kwa nini. Kamba na chungu havina hiari. Wazani ya 5 ikimpata mtu mwenye hiari, na kitendo chenyewe ni cha kufanywa kwa mikono, maana inayokuja kwanza ni kwamba amefanya. Halafu soma mwisho wa aya: yuhibbul-mutatahhiriin, Mungu anawapenda wanaojitakasa. Ni wazani ile ile ya 5, jina la mtendaji. Mtu hapendwi kwa sababu damu imekatika yenyewe, anapendwa kwa alichokifanya. Ila hiyo ni rai yangu kwenye lugha, fatwa muulize sheikh wako.

Hatua ya 5: usidanganywe na shada ya tawwaabiin

Karibu kila darasa kuna mtu ananiambia tawwaabiin ni wazani ya 2 kwa sababu waw ina shada. Jipime hivi: majina ya mtendaji kuanzia wazani ya 2 kwenda juu yanaanza na mu. Tawwaab haina mu, kwa hiyo haijatoka huko. Kitenzi chake ni taaba, kitupu kabisa, na hii ni sigha ya mubalagha tu, umbo la jina linaloonyesha kufanya kwa wingi, kama ghaffaar kutoka ghafara. Maana yake mtu anayetubu kila mara, anateleza anarudi, anateleza anarudi. Mutatahhiriin ina mu, ina ta, ina shada, hiyo ndiyo wazani ya 5 halisi. Kwa hiyo kwenye sentensi moja ya kufunga kuna shada mbili za asili tofauti, moja ya wingi wa kurudia, nyingine ya kujitendea.

Zoezi la wiki hii, majibu leteni Jumamosi baada ya Asri: Waaqia 79, laa yamassuhuu illal-mutahharuun. Kuna mu, kuna shada kwenye haa, irabu yake ni fatha, lakini ile ta haipo. Niambieni ni wazani ya ngapi, nani amemtakasa nani, na kwa nini wapo mufasirina wengi waliosema wanaokusudiwa ni malaika.